Madaftari matatu na maji ya Siyu: kisa cha mwanafunzi aliyekosa wiki

Barua yake ya kwanza ilikuwa ya mstari mmoja na nusu: "Shikamoo mwalimu. Nilikuwa Siyu matangani wiki nzima, sikuelewa kupwa na kujaa, naomba unifundishe upya." Nilimrudishia vilevile, bila alama yoyote. Sikumrudishia kwa ukali. Huyu binti ni hodari, yuko kidato cha tatu, na huja kwenye daka langu hapa Mkomani, Lamu, mara mbili kwa wiki baada ya alasiri pamoja na wenzake wanne kwa masomo ya ziada ya jografia. Lakini mtu akisema hakuelewa kupwa na kujaa, mwalimu ataanzia wapi? Nikianza mwanzo nitamchosha kwa anayoyajua, na pale penye fundo nitapita kwa kasi ileile ninayopitia pengine pote.

Nilimwambia aazime madaftari ya wenzake, zaidi ya moja, ayasome, kisha aniandikie mambo mawili: madaftari yanasema nini, na nini bado hakijakaa sawa kichwani. Siku ya tatu akaleta kurasa mbili na robo. Ndizo ninazozichambua hapa, kwa ruhusa yake na ya mamake.

Anaanza hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimeazima madaftari matatu. La kwanza ni la jirani yangu, yeye huandika kila kitu, hata mwalimu akikohoa. La pili lina picha nzuri, maneno ni machache. La tatu ni la mwenzetu anayekaa nyuma. Yote ni ya Kiingereza. Nimeandika kwa Kiswahili ili nijue kama nimeelewa au nimenakili tu."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nivute kiti. Mtoto anayenakili Kiingereza cha ubaoni anaweza kujaza kurasa kumi bila neno moja kumgusa. Akilazimika kuyasema maneno hayohayo kwa lugha anayoitumia kumwita mdogo wake, papo hapo ataona ni wapi hana la kusema.

Jambo la pili alilolifanya vizuri, pengine bila kukusudia, ni kwamba hakuyachanganya madaftari. Wanafunzi wengi wakiazima matatu hutengeneza la nne: huchukua sentensi hapa, picha pale, wakatoa muhtasari laini usio na mshono. Yeye aliandika "la kwanza linasema", "la pili linasema", "hapa yanagombana". Muhtasari wake unakwaruza kuusoma, lakini kila kosa bado liko pale lilipozaliwa, na ukitaka kulifuata utalifikia.

Muhtasari wenyewe, nikiufupisha: Maji ya bahari hupanda na kushuka kwa sababu ya uvutano wa mwezi na, kwa kiasi kidogo, wa jua. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi mpya au mwezi mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pembe mraba, na huwa maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Hapo madaftari yote yamekubaliana na yako sawa. Kisha yanaanza kuachana.

Kati ya kujaa na kujaa, daftari la kwanza linasema ni saa 12 na dakika 25. La pili linasema saa 12. La tatu limeandika 12.25, na binti akauliza kando ya barua yake kwa penseli: "Ni saa kumi na mbili na robo, au na dakika ishirini na tano?" Swali zuri sana hilo. Mwenzetu wa nyuma alinakili nukta bila kujua ni nukta ya nini. Ukiisoma kama desimali, robo ya saa ni dakika 15, na hapo umekwisha kupoteza dakika 10 kila maji yanapojaa.

Sikumjibu. Nilimuuliza mashua iliyompeleka Siyu iliingia saa ngapi, na iliyomrudisha iliondoka saa ngapi.

Wasioijua Siyu nitawaeleza kidogo. Mji uko ndani ya kisiwa cha Pate, na kutoka baharini unaingia kwa mkono wa maji unaopita katikati ya mikoko. Maji yakiwa juu, mashua inapita vizuri. Yakipwa, ni tope, na chombo kinakaa pale kikiinama ubavu hadi maji yatakaporudi. Kwa hiyo ratiba ya safari haiandikwi na nahodha. Binti aliingia siku ya mwezi pili, yaani siku ya pili tangu mwezi kuandama, karibu saa kumi na moja jioni, maji yakiwa yamejaa. Alirudi siku saba baadaye, mwezi tisa, na chombo kilitoka karibu saa tano asubuhi baada ya watu kukaa wakingoja tangu saa mbili.

Basi tukahesabu pamoja. Kama maji yangejaa kila baada ya saa 12 kamili, yangejaa saa kumi na moja jioni leo, kesho, na siku zote za wiki, na nahodha angewaondoa saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijatoka. Haikuwa hivyo. Sasa chukua saa 12 na dakika 25. Mara mbili ni saa 24 na dakika 50, maana yake kila siku maji yanachelewa dakika 50. Kwa siku saba, dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Saa kumi na moja jioni ukiongeza hizo unafika saa tano kasoro dakika kumi usiku. Rudi nyuma mjao mmoja, saa 12 na dakika 25, unapata saa nne na dakika 25 asubuhi ya siku hiyohiyo. Yeye alitoka karibu saa tano.

"Kumebaki nusu saa, mwalimu," akasema, kama mtu aliyepunjwa chenji.

Nusu saa hiyo ina maelezo, na nilifurahi aliiona. Dakika 50 ni wastani. Karibu na bamvua maji huchelewa kidogo tu kila siku, pengine dakika 40 hivi. Karibu na maji mafu huchelewa zaidi, hata kupita saa nzima. Wiki yake ilianza kwenye bamvua ikaishia kwenye maji mafu, kwa hiyo ilimezwa na zile siku za kuchelewa sana. Tena alikumbuka jambo ambalo hakuliandika: wakati wa kurudi mashua ilikwaruza chini mara mbili, na nahodha akawashusha vijana wawili waisukume, akisema maji mafu haya hayana kifua. Alipokwenda, chombo hichohicho kilipita bila kugusa kitu. Kwenye pwani yetu bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji mafu mita moja na kitu tu. Aliishi bamvua na maji mafu ndani ya wiki moja, na wiki hiyohiyo ndiyo anayosema alikosa somo.

Sasa nije kwenye orodha yake ya yasiyoeleweka. Alikuwa na manne. Nitayapanga kwa uzito wake, si kwa mpangilio wake.

La kwanza: "Madaftari yote matatu yanasema jua linavuta kidogo kuliko mwezi. Lakini jua ni kubwa sana na dunia inalizunguka jua, haizunguki mwezi. Vipi mwezi ushinde?"

Hapa madaftari hayakukosea, yamekata maneno tu. Jua linaivuta dunia kwa nguvu karibu mara 180 kuliko mwezi. Hesabu si ngumu: jua lina uzito wa mwezi mara milioni 27, na liko mbali mara 390 hivi. Uvutano hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo unagawanya milioni 27 kwa 390 mara 390, na jibu linakaribia 180. Binti ana haki ya kushangaa.

Ila maji hayapandi kwa sababu ya kuvutwa. Yanapanda kwa sababu upande mmoja wa dunia unavutwa zaidi kuliko upande wa pili. Ni tofauti ya mvuto inayofanya kazi, na tofauti hiyo hupungua kwa mchemraba wa umbali, si kwa mraba. Gawanya tena, safari hii kwa 390 mara 390 mara 390, yaani karibu milioni 59. Milioni 27 kwa milioni 59 ni chini ya nusu, 0.46 hivi. Kwa hiyo jua linashiriki, na ushiriki wake ni karibu nusu ya ule wa mwezi. Ndiyo maana kuna bamvua na maji mafu. Nguvu hizo mbili zikiwa pamoja ni 1 na 0.46, unapata 1.46, zikipingana unapata 0.54. Jua lingekuwa si kitu, kila siku ya mwezi ingekuwa na maji yaleyale, na nahodha wa Siyu asingekuwa na la kulalamikia kifua.

Niliona mwenyewe anavyoandika neno "tofauti" na kulizungushia duara. Neno hilo halikuwemo katika daftari lolote kati ya matatu.

Na bila neno hilo, swali lake la pili halina jibu. Aliandika: "Maji ya upande wa mwezi nimeyaelewa, yanavutwa. Ya upande wa nyuma yanapandaje wakati mwezi uko upande mwingine? Madaftari yote matatu yanasema ni kwa sababu dunia inajizungusha kwenye mhimili wake, kwa hiyo maji ya nyuma yanarushwa nje. Hili nimelikubali kwa sababu yote matatu yamesema, lakini sijaliona."

Tazama sentensi hiyo. Alikubali bila kuona. Na sababu aliyoitoa ni idadi ya mashahidi.

Huyu ni mtoto aliyesoma madrasa hapahapa Lamu, kwa hiyo nilimuuliza kwa lugha anayoijua: watu watatu wakipokea habari kutoka kwa mtu mmoja, una mashahidi wangapi? Akacheka. Ubao ulikuwa mmoja. Madaftari matatu yakikubaliana, yameshuhudia kwamba maneno hayo yaliandikwa ubaoni, basi. Tena hata matatu hayakuwa matatu: katika la pili na la tatu, neno la Kiingereza la mhimili limekosewa tahajia kwa namna ileile, herufi ileile imeruka. Mmoja alimnakili mwenziwe. Tulibaki na mashahidi wawili wa ubao mmoja.

Yale maelezo ya ubaoni si sahihi, na kuna njia ya kuyapima bila kitabu. Dunia inajizungusha siku zote, na inarusha maji nje sawasawa kuzunguka ikweta yote, si upande wa nyuma wa mwezi tu. Kujizungusha huko kunafanya kazi kweli: nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta ni kirefu kuliko cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi. Lakini uvimbe huo umetulia pale ulipo, hauji asubuhi ukaondoka jioni. Kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya kitu kinachobadilika mara nne kwa siku.

Jibu lake ni ile tofauti. Nilimchorea mashua tatu kwenye mstari, zote zinavutwa upande mmoja. Ya mbele inavutwa kwa nguvu, ya kati wastani, ya nyuma kidogo. Wewe umekaa katika ya kati. Utaona nini? Ya mbele inakuacha. Na ya nyuma? Akanyamaza kidogo. "Mimi ndiye ninayeiacha." Basi kutoka pale ulipokaa, zote mbili zinakwenda mbali nawe, moja huku na moja kule, ijapokuwa kamba zote zimefungwa upande mmoja.

Maji yaliyo chini ya mwezi ndiyo mashua ya mbele, dunia yenyewe ndiyo ya kati, na maji ya nyuma ndiyo ya nyuma. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka katikati ya dunia kwa wastani, na nusu kipenyo cha dunia ni karibu 6,400. Fanya hesabu ya mraba utaona maji ya mbele yanavutwa karibu asilimia 3.4 zaidi ya katikati ya dunia, na ya nyuma karibu asilimia 3.2 pungufu. Namba mbili zinazokaribiana sana, ndiyo maana mjao wa mchana na wa usiku hukaribia kulingana. Maji ya nyuma hayakurushwa na yeyote. Yameachwa.

Hapo nilimuuliza angewezaje kushuku maelezo ya ubaoni bila mimi. Jibu lake lilikuwa bora kuliko lile nililokuwa nimeliandaa: "Hakuna mwezi ndani yake." Maelezo ya kitu kinachofuata mwezi, na mwezi hautajwi.

Swali la tatu ndilo lililonipendeza zaidi, na ndilo nililoogopa kwamba sitaliweka vizuri. "Picha katika daftari la pili inaonyesha maji yamejaa pale mwezi ulipo juu ya kichwa. Mwezi mpya uko juu saa sita mchana pamoja na jua. Kwa hiyo saa sita mchana siku ya bamvua maji yangekuwa yamejaa. Lakini bamvua hapa saa nne na saa tano maji yako chini kabisa, wamama wanakwenda kuokota, na kujaa ni saa kumi. Nani amekosea, picha au bahari?"

Mwanafunzi mwingine angenakili picha, akafaulu mtihani, na kila mwezi angewaona wamama wakishuka mwambani na vikapu saa nne bila kuugombanisha mwamba na picha. Huyu aligombanisha.

Picha ni ya dunia isiyo na nchi kavu, iliyofunikwa na bahari yenye kina kikubwa mno. Katika dunia hiyo uvimbe wa maji ungekaa chini ya mwezi na dunia ingejizungusha ndani yake. Ndivyo Newton alivyoieleza mwaka 1687, na kwa upande wa nguvu maelezo yake ni sahihi. Kwa upande wa mwendo wa maji hayatoshi. Lamu iko karibu kabisa na ikweta, na hapa ardhi inakimbia chini ya mwezi kwa kasi ya karibu kilomita 1,610 kwa saa. Ili uvimbe ubaki chini ya mwezi, nao lazima ukimbie hivyohivyo kuelekea magharibi. Lakini wimbi refu la namna hii haliwezi kukimbia zaidi ya kina kinavyoruhusu: zidisha kina kwa nguvu ya uvutano, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo ndicho kasi yake. Bahari ya kina cha mita 4,000 inalipa wimbi hilo karibu kilomita 700 kwa saa. Chini ya nusu ya inayohitajika. Kina kingehitajika kuwa kilomita 20 hivi, na hakuna bahari hiyo duniani.

Kwa hiyo maji hayaufuati mwezi. Yanasukumwa na mwezi kwa mpigo wake, mara moja kila saa 12 na dakika 25, kisha kila bahari inayumba kwa namna yake kulingana na umbo, kina na mipaka yake. Laplace ndiye aliyeliweka hili kwenye hesabu katika miaka ya 1770. Beba karai la maji kutoka kisimani: mpigo ni wa miguu yako, lakini maji yatagonga ukingo gani na lini, hilo ni la karai. Kwenye pwani yetu maji hujaa karibu saa nne baada ya mwezi kupita juu. Kwingine ni saa nyingine kabisa, na kuna sehemu za Ghuba ya Meksiko ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku, chini ya mwezi huuhuu. Hata kimo chake ni cha karai: katikati ya bahari kuu uvimbe ni kama nusu mita, na hizi mita zetu 3 zinatokana na maji kuyumba ndani ya bahari yake na kubanwa yanapofika kwenye kina kifupi.

Picha haijakosea nguvu, imekosea saa. Nilimwambia aichore tena kwenye daftari lake, na kando aandike "dunia isiyo na pwani".

Swali la nne lilikuwa fupi, nami nalipita kwa ufupi ingawa lilizua maneno nyumbani kwao. Madaftari yanasema bamvua huwa siku ya mwezi mpya. Babu yake, aliyevua miaka mingi, alipoulizwa alisema: "Mai makuu ni mwezi pili na mwezi tatu, si mwandamo." Binti akaandika: "Babu au kitabu?"

Wote wawili, kwa sababu hawahesabu kutoka mahali pamoja. Mwezi mpya wa kitabu ni ule wakati mwezi uko upande wa jua na hauonekani kabisa. Mwandamo wetu ni kuonekana kwa uzi wa kwanza magharibi, ambao huwa siku moja hivi baadaye, pengine zaidi. Aliyeandika "mwandamo" pale kitabu kiliposema mwezi mpya, amekwisha kusogeza siku bila kujua. Na binti ndivyo alivyotafsiri. Ongeza kwamba maji yenyewe hayafiki kilele siku ileile ya mstari. Yana uzito na msuguano, huchukua siku moja au mbili kukusanya nguvu, kama pembea inavyofika juu zaidi baada ya msukumo mkubwa wenyewe kupita. Zingatia yote mawili, unakaribia pale alipo babu. Nilimwambia ampe babu alama zote, na kitabu akipe alama zake, ila neno "mwandamo" alifute kwenye muhtasari.

Nina lawama moja kwa barua yake. Yale ya Siyu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mashua kukwaruza, hakuyaandika hata kidogo. Nilimchomolea mimi kwa maswali. Aliona kwamba aliyoyaona kwa macho si "notisi", na kwamba notisi ni zile za wenzake tu. Nilipomuuliza mbona ya babu ameyaandika, akasema babu ni mtu mzima.

Madaftari aliyarudisha wiki iliyofuata, na ndani ya kila moja ameweka kipande cha karatasi, si kalamu juu ya kurasa za watu. Kwa wa nyuma ameandika kwamba nukta ile ni dakika. Wa daftari la kwanza alikuja kwenye daka akiwa amekunja uso, akitaka kujua nani amesema ubao umekosea. Tukamchorea mashua tatu.

Sasa kuna swali la tano, ambalo hakulipata katika daftari la mtu. Siku za bamvua iliyofuata alikwenda na chaki kwenye ngazi za ufukoni, akatia alama maji yalipofika alfajiri, kisha jioni. Ya alfajiri iko chini ya ya jioni kwa shubiri moja na vidole viwili. Kwa hesabu ya 3.4 na 3.2, anasema, tofauti hiyo ni kubwa mno, na tena asilimia zile zinahusu mbele na nyuma tu. Nimemwambia neno moja, kwamba mwezi haukai juu ya ikweta, hupanda kaskazini na kushuka kusini kila mwezi, na aangalie usiku ule ulichomoza upande gani wa kisiwa cha Manda. Jibu bado hajaleta. Chaki ameomba nyingine.